Simu mbili, kipimo kimoja

Kwenye kurasa za wauza simu wa Kariakoo kuna tangazo ambalo kila mtu ameshaliona. Picha mbili za simu zimewekwa ubavu kwa ubavu, na chini yake pameandikwa: "Ipi kali? Bei njoo inboksi." Anayetafuta simu hajaambiwa kitu. Ameitwa tu.

Tuliandike upya. Tuchukue Samsung Galaxy A15 ya 4G na Tecno Spark 20, simu mbili zilizotoka mwishoni mwa 2023 zikilenga mifuko inayokaribiana. Bei na masharti hapa ni ya mfano, kila duka liweke yake. Maelezo chini ya picha yangesomeka hivi:

"Samsung A15, RAM 6GB, hifadhi 128GB: Sh 450,000. Boksi halina kichwa cha chaja; ukikihitaji, halisi cha wati 25 ni Sh 45,000. Tecno Spark 20, RAM 8GB, hifadhi 256GB: Sh 420,000, chaja ya wati 18 imo. Zote mbili: betri 5000mAh, kamera kuu megapikseli 50. A15 ina kioo cha AMOLED chenye picha kali zaidi, na prosesa ya Helio G99 yenye nguvu kuliko G85 ya Spark. Spark ina spika mbili, kamera ya selfi ya megapikseli 32 dhidi ya 13, na hifadhi mara mbili. Waranti: miezi 12 kwa kila moja, kuanzia tarehe ya risiti. Kioo kilichopasuka na simu iliyoingia maji havimo. Bei hadi Jumapili."

Angalia betri na kamera kuu zilivyosemwa mara moja kwa simu zote. Hapo ndipo wauzaji wengi huteleza, wengine kwa makusudi. Anayetaka kuisukuma Spark huandika "betri kubwa 5000" chini ya Spark peke yake, akanyamaza upande wa pili. Hajasema uongo hata neno moja, lakini msomaji ataondoka akiamini betri ya A15 ni ndogo.

Kwenye RAM mtego ni mwingine. Spark hii hutangazwa kuwa na RAM ya 16GB, lakini iliyomo kweli ni 8. Nyingine 8 zinakopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM yenyewe, na kadiri zinavyokopwa ndivyo nafasi ya picha na video inavyopungua. Ukiweka 16 za namna hiyo kando ya 6 halisi za A15, umelinganisha vitu visivyolingana.

Sasa bei. Kwa macho, tofauti ni Sh 30,000. Kwa mtu asiye na chaja nyumbani, A15 inafika Sh 495,000 na tofauti inakuwa 75,000. Aliye na chaja nzuri ya USB-C anabaki kwenye 30,000 zake. Ndiyo maana ile chaja iandikwe kwa bei yake, isifichwe mpaka mteja afungue boksi mbele ya kaunta.

Waranti ndiyo yenye kesi nyingi. "Waranti mwaka mmoja" bila maelezo zaidi haimwambii mteja aende wapi simu ikigoma kuwaka mwezi wa nne. Waranti ya kampuni humpeleka kituo cha huduma cha chapa hiyo. Ya duka humrudisha dukani, na inaishi kadiri duka linavyoishi. Simu iliyoletwa kwa ajili ya soko jingine, tuseme Dubai, inaweza kuwa halisi kabisa na bado kituo cha hapa kikaikataa. Mwenye simu za namna hiyo aandike wazi: "Waranti ni ya duka." Hapo ndipo bei yake ya chini ilipotoka, na mnunuzi ana haki ya kujua anachokiacha.

Tarehe nayo ina maneno. Baadhi ya chapa huanza kuhesabu siku simu inapowashwa na kusajiliwa mara ya kwanza. Simu iliyokaa kabatini miezi 3 ikiwashwa kuonyeshwa wateja inaweza kuwa imeshakula robo ya mwaka wake. Hiyo iuzwe kama simu ya maonyesho, kwa bei yake.

Mnunuzi naye ana kazi ndogo kabla ya kutoa hela. Abonyeze *#06# aone kama namba ya IMEI inafanana na ya kwenye boksi, kisha aitume kwa ujumbe kwenda 15090, huduma ya TCRA, imwonyeshe ni simu ya aina gani. Jina likija tofauti na lililo kwenye boksi, asilipe. Na risiti ya EFD itaje modeli na IMEI, maana "simu moja, 450,000" haitamsaidia kwenye kituo cha huduma.

Wapo watakaouliza kwenye maoni, "Kwa hiyo nichukue ipi?" Muuzaji asikwepe. Kama mtu anataka kukaa na simu miaka mingi, A15, kwa sababu Samsung iliiahidi masasisho ya usalama ya miaka 5. Anayerekodi video kutwa na kupiga selfi, Spark, na abaki na chenji ya kava.