Klorini Iliyokwenda na Mvua na Klorini Iliyokwepa Mvua: Kueleza Mvua ya Asidi na Uharibifu wa Ozoni kwa Kiswahili Katika Pwani ya Rumonge

Utangulizi

Katika maelezo ya Kiswahili kuhusu mazingira, kitenzi "kuharibu" hubebeshwa mizigo miwili: mvua ya asidi huharibu mimea, na klorini huharibu ozoni. Msomaji wa Rumonge akikutana na sentensi hizo pamoja hudhani ni tukio moja. Makala haya yanaonesha kwamba kinachoyatenganisha matukio hayo ni hatima ya kiharibifu chenyewe: kimoja huishia katika tendo lake, kingine hurejea kikiwa kizima.

Kiharibifu kinachoishia

Chanzo kikubwa cha salfa katika ukanda wetu ni volkano za Nyamulagira na Nyiragongo, kaskazini mwa Ziwa Kivu. Moshi wake una dioksidi ya salfa na kloridi ya hidrojeni. Hewani, dioksidi ya salfa hushambuliwa na radikali ya hidroksili, kisha hukutana na oksijeni na maji:

SO2 + OH → HSO3
HSO3 + O2 → SO3 + HO2
SO3 + H2O → H2SO4

Oksidi za naitrojeni, zitokazo kwenye radi, injini na moto wa nyasi wakati wa kiangazi, hupita njia fupi zaidi: NO2 + OH → HNO3. Asidi hizo mbili huyeyuka katika matone na kushuka. Salfa iliyotoka volkano imekwisha safari yake. Ili mvua ya kesho iwe na asidi, lazima moshi mpya utoke.

Je, asidi hiyo ikinyesha ziwani huua mikeke na ndagala? Vitabu vingi huiga mfano wa maziwa ya Skandinavia yaliyopoteza samaki. Mfano huo haufai hapa. Tuchukue mvua yenye pH 4, ilhali mvua safi huwa na takriban 5.6. Lita moja ya mvua hiyo ina milimoli 0.1 ya ioni za hidrojeni. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na kila lita ina takriban milimoli 6 za bikaboneti, ambazo huipokea asidi hivi:

H+ + HCO3- → H2O + CO2

Kwa hesabu hiyo, lita moja ya ziwa yaweza kuzimua asidi ya lita zipatazo 60 za mvua. Sehemu kubwa ya chumvi hizo huletwa na Mto Ruzizi kutoka Kivu, ambako maji yameosha miamba ya volkano. Hivyo nchi ileile itoayo asidi hutoa pia dawa yake. Udongo wa milima iliyo juu ya ziwa hauna kinga hiyo. Tayari una asidi kwa asili, na asidi ikizidi, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi. Mwalimu wa Rumonge akitafuta madhara ayatazame shambani na kwenye mabati ya paa, si wavuni.

Kiharibifu kinachorejea

Moshi wa volkano una klorini pia. Kwa nini basi hautoboi tabaka la ozoni? Kwa sababu kloridi ya hidrojeni huyeyuka upesi majini, na sehemu yake kubwa huoshwa na mvua kabla haijapanda. Gesi ya R-12 ya friji za zamani, CCl2F2, haiyeyuki wala haishambuliwi huku chini. Friji kuukuu ikitobolewa sokoni, gesi hiyo huikwepa mvua na baada ya miaka hufika stratosfia. Huko miale ya urujuanimno huing'oa atomi ya klorini:

Cl + O3 → ClO + O2
ClO + O → Cl + O2

Mstari wa pili humrudisha mshambuliaji wa mstari wa kwanza. Ndiyo maana atomi moja yaweza kuangamiza maelfu ya molekuli za ozoni, hadi pale inapofungwa, kwa mfano na oksidi ya naitrojeni: ClO + NO2 → ClONO2. Oksidi ileile iliyotuletea asidi chini, huku juu humfunga mharibifu kwa muda. Juu ya barafu za mawingu ya Antaktika kifungo hicho hufunguliwa, na hapo ndipo tundu hutokea, si juu ya Ziwa Tanganyika.

Hitimisho

Tofauti hii hubadili hatua za kuchukua. Moshi wa salfa ukikoma, mvua husafika ndani ya majuma machache. Klorini haikomi hivyo: Itifaki ya Montreal ilitiwa saini mwaka 1987, na bado gesi za zamani zingali angani. Kwa hiyo napendekeza istilahi zitenganishwe: asidi "hutumika", klorini "huchochea". Fundi wa friji akilielewa neno la pili, ataelewa kwa nini gesi kidogo anayoiachia leo haihesabiwi kwa uzito wake peke yake.