Sentimita Ishirini Chini ya Moyo

Mashine ya presha inayofungwa kwenye kifundo cha mkono inafaa sana kuwa zawadi. Inaingia mfukoni, haina mpira wala pampu ya mkono, na mtu huifunga mwenyewe bila kuvua shati. Mtoto aliye Kampala au ughaibuni humnunulia mzazi wake aliye Arua Hill au Koboko, na mzazi anaanza kujipima kila asubuhi barazani. Taabu huanza siku anapokwenda kliniki, kwa sababu mashine ya kule, yenye mkanda mpana unaofungwa juu ya kiwiko, inatoa namba nyingine kabisa.

Tuseme ni mzee wa Arua Hill, dereva mstaafu wa malori. Nyumbani anapata 152 kwa 94. Kliniki, baada ya kupumzika, wanapata 131 kwa 80. Tofauti hiyo si ndogo: kwa vipimo vya nyumbani, presha huanza kuitwa ya juu kwenye 135 kwa 85, kwa hiyo mashine moja inasema ni mgonjwa na nyingine inasema ni mzima. Muuguzi mwenye uzoefu hataanza kwa kuilaumu mashine. Atauliza, "Mzee, mkono ulikuwa wapi ulipojipima?"

"Hapa, Sista. Kwenye paja."

Jibu hilo linaeleza sehemu kubwa ya tofauti. Damu ni kimiminika kizito, nayo ndani ya mishipa inatii sheria ile ile ya maji ya tangi lililowekwa juu ya paa: bomba la chini hutoa maji kwa nguvu kuliko la juu. Kwa kila sentimita unayoshuka chini ya moyo, presha ndani ya mshipa huongezeka kwa milimita 0.77 hivi za zebaki. Mzee wetu amekaa na kifundo chake kipo juu ya paja, sentimita 21 chini ya moyo. Zidisha 21 kwa 0.77, unapata 16. Mashine haikukosea hapo. Imepima vizuri presha ya mahali ilipofungwa. Lakini viwango vyote vya daktari, 140 kwa 90 vya kliniki na 135 kwa 85 vya nyumbani, ni vya presha iliyopimwa usawa wa moyo.

Akiinua kifundo mpaka usawa huo, akasubiri dakika moja na kupima tena, tutarajie kitu kama 136 kwa 78. Angalia kwamba namba zote mbili zimeshuka kwa 16. Hiyo ndiyo alama ya kosa la kimo. Uzito wa damu huongeza namba ya juu na ya chini kwa kiasi kile kile, kwa hiyo zikipanda au kushuka pamoja hivyo kila unapobadilisha mkao, chunguza mkono umewekwa wapi kabla ya kuchunguza kitu kingine.

Kwa nini basi mkanda wa juu ya kiwiko hausumbuliwi hivyo? Kwa sababu sehemu hiyo ya mkono inaning'inia kando ya kifua, karibu na usawa wa moyo, hata mtu akikaa ovyo. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu 133 kwa mashine ya mkono wa juu na kutoa matokeo mwaka 2024. Mkono ukiwekwa pajani badala ya mezani, namba ya juu ilizidi kwa takriban 4. Ukiachwa uning'inie ubavuni, ilizidi kwa 6.5 hivi. Hayo nayo ni makosa ya kuepukwa, lakini yalinganishe na 16 ya mzee wetu. Uzembe ule ule wa kuweka mkono pajani, adhabu yake kwenye kifundo ni kama mara nne.

Kosa hilo linaweza pia kwenda upande wa pili, na hapo naona hatari zaidi. Mtu anayejipima huku ameinua kifundo sentimita 15 juu ya moyo, labda amelala chali na mkono uko juu ya mto mnene, anapunguziwa takriban 12. Mwenye 146 kwa 92 atasoma 134 kwa 80 na kurudi kulala kwa amani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Mashine inayoificha inamwacha mtu pale pale alipokuwa kabla ya kuinunua.

Rudi kwa mzee. Tumesahihisha kimo, tumepata 136 kwa 78, na kliniki ilisoma 131 kwa 80. Bado kuna pengo la 5 juu, na chini sasa kuna upungufu wa 2. Hili haliwezi kuwa kosa la kimo, maana namba moja imezidi na nyingine imepungua. Sababu moja ni kwamba kadiri pigo la damu linavyosafiri kutoka moyoni kwenda kwenye mishipa ya mbali na myembamba, kilele chake huchongoka na kupanda, huku kiwango cha chini kikishuka kidogo. Kiasi chake kinatofautiana kati ya mtu na mtu, kutegemea umri na ugumu wa mishipa, kwa hiyo hakuna namba moja ya kutoa inayomfaa kila mtu.

Tena mashine hizi, za juu na za kifundoni, hazisikilizi mapigo kama daktari anavyofanya kwa stethoskopu tangu Mrusi Korotkoff alipoonyesha njia hiyo mwaka 1905. Mkanda unajaa hewa, unabana mshipa, na mashine inahisi mitetemo midogo ya hewa inayosababishwa na kila pigo. Pale mtetemo unapokuwa mkubwa kuliko yote, ndipo ilipo presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini hukadiriwa kutoka hapo kwa hesabu ambayo kila kiwanda huificha. Juu ya kiwiko kuna mshipa mmoja mkubwa, ulio karibu na mfupa mmoja, na mkanda unaubana sawasawa. Kifundoni kuna mishipa miwili, mifupa miwili, na kano ngumu zinazouzuia mkanda usibane vizuri. Kukunja kiganja tu kunasogeza kano hizo na kubadilisha namba. Na mtu ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio huivuruga hesabu hiyo zaidi, popote mkanda ulipofungwa.

Mashine za kupima kwenye kidole ni habari fupi. Mishipa ya kidole ni midogo na hujifunga upesi kwa baridi, sigara au wasiwasi, kwa hiyo asubuhi ya mvua inatosha kuharibu kipimo, na kosa la kimo liko pale pale. Mashine za kidole za kununua dukani zisitumike kuamua chochote kuhusu presha. Kuna mkanganyiko mwingine wa kuangalia. Kile kibanio cha kidole kilichoenea wakati wa Korona kinaonyesha oksijeni na kasi ya mapigo. Namba kama 97 na 78 kwenye kioo chake hazihusiani na presha hata kidogo, ingawa nazo zimekaa mbili mbili.

Sasa, ukiwa na mashine ya kifundo na huna nyingine, itumie hivi. Usipime ukiwa umetoka tu kushuka kwenye boda boda, wala ndani ya nusu saa baada ya chai ya rangi, kahawa au sigara. Kwenda chooni kwanza pia kunasaidia. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote iguse chini bila kupishanishwa, utulie dakika tano. Vua saa na bangili. Funga mkanda kwenye ngozi tupu, ukiacha upana wa kidole kimoja kutoka pale kiganja kinapoanzia, isipokuwa kama kijitabu cha mashine kinasema vingine. Kisha weka kiwiko mezani na pandisha kigasha mpaka kifundo kifike usawa wa katikati ya mfupa wa kifua. Egemeza kigasha kwenye mto au nguo iliyokunjwa, kwa sababu mkono unaoshikiliwa hewani kwa nguvu za misuli nao hupandisha presha. Kiganja kielekee usoni, kikiwa kimelegea bila kukunjwa. Baadhi ya mashine zina alama inayowaka kifundo kikifika kimo kinachofaa. Ifuate, lakini hakikisha mkono umeegemezwa.

Usizungumze, na simu iache mbali. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili pamoja na saa. Fanya asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba. Namba za siku ya kwanza huwa juu kwa sababu ya ugeni, ziache. Tafuta wastani wa zilizobaki. Kipimo kimoja cha juu hakikupi haki ya kuongeza kidonge, wala kimoja cha chini kukiacha. Lakini ukisoma 180 kwa 120 au zaidi, na kurudia kukatoa hivyo hivyo, na una maumivu ya kifua, pumzi inayokata au udhaifu wa upande mmoja, nenda hospitali mara moja bila kungoja wastani.

Maelekezo haya yana uzito. Watafiti wa Padova, Italia, walichapisha mwaka 2016 kazi iliyohusisha watu zaidi ya mia saba: wakipima kliniki baada ya kuelekezwa, kifundo na mkono wa juu vilikaribiana, lakini nyumbani kifundo kiliwapa namba za juu zaidi. Mashine zilikuwa zile zile.

Kwa hiyo ichukue mashine yako unapokwenda kliniki, iwe Hospitali ya Rufaa ya Arua au kituo cha afya kilicho karibu. Mwombe muuguzi apime mkono ule ule kwa zamu, akiacha dakika moja kati ya kila kipimo: juu ya kiwiko, kifundo, juu, kifundo, juu. Wastani wa kifundo ukitofautiana na wa juu kwa 5 au chini ya hapo, itakufaa. Kati ya 6 na 10, rudia zoezi zima. Ukizidi 10, mashine hiyo ipumzishwe. Mjamzito asiitegemee kabisa bila mkunga wake kukubali, maana mashine nyingi hazikujaribiwa kwa wajawazito.

Anayetaka kununua mpya achague ya mkono wa juu iliyomo kwenye orodha ya STRIDE BP, inayotaja modeli zilizofanyiwa majaribio yanayokubalika. Kiwango cha majaribio cha ISO 81060-2 kinahitaji watu wasiopungua 85. Kabla ya kulipa, chukua futi ya fundi cherehani, uizungushie mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32, mkubwa ni wa 32 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Na mtu ambaye mkono wake umezidi 42, au umbo lake linafanya mkanda uteleze kila ukijaa hewa, kwake mashine ya kifundo iliyolinganishwa kliniki na kuwekwa usawa wa moyo inaweza kuwa afadhali kuliko mkanda wa juu usiomtosha.