Kumkatalia Mteja Kichwa Kilichosheheni Maneno

Tuchukue mfano wa mwenye hoteli ya Paje, Unguja, anayemtaka fundi wa tovuti aupe ukurasa wa mwanzo kichwa hiki:

```
<title>Hoteli Paje, Hoteli Zanzibar, Hoteli Nafuu Zanzibar, Malazi Paje, Hoteli Ufukweni Zanzibar, Hoteli ya Fungate</title>
```

Hoja yake inaeleweka. Kichwa hicho ndicho kwa kawaida huwa mstari mkubwa wa kubofya kwenye matokeo ya Google, na Google hukisoma ili ijue ukurasa unahusu nini. Yeye anaona kila neno ni ndoana moja zaidi baharini.

Mafundi wengi hujibu kwa vitisho: "Google itakufuta." Mimi siafiki. Ni kweli kwamba sera za Google zinakataza kurundika maneno, na adhabu ipo. Lakini mteja akimwona jirani yake anafanya hivyohivyo na bado anaonekana, hatamwamini fundi tena. Afadhali kumweleza hasara iliyo karibu zaidi, kwa mfano hivi:

"Assalaam alaykum, Bwana. Nimepokea ombi lako, na maneno uliyoyachagua ni mazuri, kwa kuwa ndiyo wageni wanayoyatafuta. Naomba radhi, sitayaweka yote kwenye kichwa. Kichwa hiki kina herufi 109 pamoja na nafasi, na kwenye kompyuta huonekana takriban 60 tu. Mgeni ataona neno 'Hoteli' mara tatu, kisha mstari utakatika, na jina la hoteli yako halimo kabisa. Tena, Google ikiona kichwa kimerundikwa maneno, huweza kukiacha na kuonyesha maandishi mengine iliyoyaokota ukurasani. Hapo mimi na wewe hatutakuwa na usemi. Napendekeza jina la hoteli, likifuatwa na 'Malazi ya ufukweni Paje, Zanzibar'. Habari za fungate na za vyumba vya bei nafuu tuziandikie kurasa zake, kila moja na kichwa chake."

Pendekezo hilo la mwisho ndilo linaloibeba barua. Mteja hakunyimwa maneno yake. Yamehamishiwa mahali ambapo anayetafuta fungate atakuta picha, bei na masharti ya fungate, badala ya kutua kwenye ukurasa wa mwanzo na kuanza kuhangaika.

Akiendelea kushikilia, asibishiwe. Fundi amwonyeshe Search Console, mahali Google inapompa mwenye tovuti takwimu zake bure. Mle kuna idadi ya mara ukurasa ulipoonekana na idadi ya waliobofya. Waandike namba za ukurasa wa mwanzo za wiki kadhaa, wabadilishe kichwa bila kugusa kitu kingine, kisha walinganishe, wakikumbuka kwamba msimu wa watalii nao hupandisha na kushusha namba. Ukurasa ukiendelea kuonekana kwa kiwango kilekile na katika nafasi ileile, huku wabofyaji wakipungua, kichwa ndicho cha kwanza kushukiwa.