Kiazi cha Kijani Chenye Machipukizi: Kata, Menya au Tupa?

Gunia la viazi vya Shangi likikaa jikoni wiki chache, huanza kuchipua. Aina hii, ambayo Wakenya wengi wanaila kila siku, inapendwa na wakulima kwa kukomaa haraka, ila ikishavunwa haikawii kuota. Vile vya chini, vilivyofunikwa na giza, hutoa machipukizi marefu, meupe na membamba. Vile vya juu, vinavyopigwa na mwanga wa dirisha, hugeuka kijani. Kiazi chenye yote mawili basi kimekaa muda mrefu na pia kimepigwa na mwanga. Mpishi anayekishika anataka kujua jambo moja tu, kama kinalika.

Kijani chenyewe hakidhuru. Ni klorofili, rangi ileile ya mchicha. Shida ni kwamba mwanga unaoleta kijani huchochea pia sumu mbili, solanini na chakonini, ambazo mmea huzitumia kujikinga na wadudu na magonjwa. Sumu hizo hazina rangi. Kiazi kilichochubuka au kupondeka njiani kinaweza kuzizalisha bila kuwa kijani, na kiazi cha kijani kinaweza kuwa na kiasi kidogo tu. Huko Marekani, kiazi kipya kiitwacho Lenape kilitolewa kwa wakulima mwaka 1967, kikasifiwa kwa krispi, kisha kikaondolewa sokoni mwaka 1970 kwa sababu kilikuwa na sumu hizo kwa wingi kwa asili yake.

Ndani ya kiazi kimoja sumu haienei sawasawa. Nyama ya katikati ina kidogo sana, ganda na sehemu inayozunguka macho zina zaidi, na machipukizi yanazidi vyote kwa mbali. Kiazi cha kawaida huwa na chini ya miligramu 10 katika kila gramu 100, na kwa miaka mingi miligramu 20 ndizo zilizohesabiwa kuwa kikomo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2020 kwamba dalili zinaweza kuanza mtu akila miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15 basi hufika hapo kwa gramu 75 tu za kiazi kilichogusa kikomo, yaani kiazi kidogo kimoja. Mtu mzima wa kilo 60 angehitaji gramu 300. Ndiyo maana kiazi cha kutilia shaka kisiingie kabisa kwenye sahani ya mtoto, hata kama wakubwa wako tayari kukimenya na kukila.

Wengi hutegemea moto, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuchemsha hakuziangamizi sumu hizi, na mafuta ya chipsi hupunguza kiasi fulani bila kuzimaliza. Kinachosaidia ni kisu.

Kiazi kikiwa kigumu, kijani kikiwa doa dogo juu ya ganda na machipukizi yakiwa vichomozo vifupi, kinaokoka. Ng'oa chipukizi pamoja na jicho lake, ukichimba kwa ncha ya kisu, kisha menya ganda nene na endelea kukata mpaka nyama iwe nyeupe au ya manjano pande zote. Kwa viazi vya ganda jekundu, kama Asante, kijani hujificha, hivyo kwaruza kidogo kwa ukucha uone kilicho chini. Kijani kikiwa kimeingia ndani au kimezunguka kiazi kizima, au machipukizi yakiwa marefu na kiazi kimelegea na kukunjamana, kitupe. Maganda ya kijani na machipukizi wasipewe mbuzi wala ng'ombe, kwa kuwa nao hudhurika.

Dalili ya mwisho ni ulimi. Kiazi kilichopikwa kikiwa kichungu, au kikiwasha koo, kiachwe hapohapo, wala uchungu usifunikwe kwa pilipili na chumvi.

Madhara hayatokei papo hapo. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za wavulana 78 wa shule moja ya London waliougua baada ya chakula cha mchana, nyingi zikiwa dalili za kutapika, kuharisha na tumbo kuuma. Viazi vilivyoshukiwa vilitoka kwenye gunia lililobaki tangu muhula uliotangulia. Kumi na saba walilazwa, wengine wakiwa wamechanganyikiwa, na wote wakapona. Ugonjwa ulianza saa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo mtu anayetapika usiku aulizwe pia alikula nini mchana, na akilegea au kuweweseka apelekwe hospitali bila kusubiri.

Nyumbani, viazi vikae kwenye gunia la kupitisha hewa, mahali pa baridi na pa giza, na muuzaji anayevianika juani kutwa nzima barabarani apitwe.