Baruapepe kwa mwenye malori asiyekujua

Kampuni ya programu za kompyuta inayotafuta wateja miongoni mwa wasafirishaji wa Mombasa hukosea inapoanza kwa kujisifu. Meneja wa malori anaumizwa na kontena tupu linalochelewa kurudishwa, kwa sababu siku za bure zikiisha kampuni ya meli hutoza kila siku. Barua ya kwanza ianzie hapo, iwe fupi, bila kiambatisho:

“Habari za kazi. Kontena zenu za Kampala, nani hufuatilia tarehe ya kurudisha? Programu yetu humkumbusha dereva na ofisi siku 3 kabla. Naomba dakika 15 Jumanne nikuonyeshe.”

Asipojibu, ngoja siku tatu au nne, uandike chini ya barua ileile ukiongeza jambo jipya. Mpe hesabu: kontena 10 zikichelewa siku 4, kwa tozo ya dola 20 kwa siku, ni dola 800. Baada ya wiki, muulize kama suala hilo liko kwa mwenzake. Ya nne iwe ya kuaga.

Barua nyingi zikigonga anwani zisizokuwepo, simamisha kwanza usafishe orodha. Vinginevyo hata barua zako nzuri zitatupwa kwenye taka. Na akisema hapana, mwondoe siku hiyohiyo.