Watu 60 Waliogeuka 180

Andiko la mradi likienda kwa mfadhili hubeba nyaraka tatu zinazotazamana: jedwali la bajeti, maelezo ya bajeti na jedwali la mantiki ya mradi, ambalo Leon Rosenberg na wenzake walilibuni kwa ajili ya USAID mwaka 1969. Maelezo ya bajeti hueleza kila mstari wa fedha umepatikanaje na unalipia shughuli gani. Kwa hiyo mfasiri akibadili jina la kitu kimoja hapo, uzi unaounganisha nyaraka zote tatu unakatika.

Chukua mfano wa mradi wa maji wa vijiji sita. Kila kijiji kinatoa wajumbe 10 wa kamati ya maji, nao watapata mafunzo ya siku tatu kwa posho ya shilingi 50,000 kwa siku. Hesabu ni 60 mara 3 mara 50,000, yaani shilingi 9,000,000. Mfasiri anaandika “wajumbe” kwenye bajeti, “washiriki” kwenye maelezo, na “viongozi wa maji” kwenye viashiria. Hesabu haijaharibika, ila msomaji sasa anaona makundi matatu ya watu 60, na fedha za kundi moja tu.

Posho nayo ina mtego wake. Katika kiolezo cha bajeti cha Umoja wa Ulaya kilichotumika kwa miaka mingi, posho ya kujikimu ya washiriki wa semina iko mstari wa 1.3.3, chini ya rasilimali watu, ilhali usafiri una sehemu yake, ya pili. Zote mbili zikiitwa “posho ya safari”, mkaguzi ana haki ya kuuliza kwa nini mtu mmoja analipwa mara mbili.

Kosa zito zaidi hukaa kwenye neno “matokeo”. Wajumbe 60 kumaliza mafunzo ni matokeo ya moja kwa moja, yaani kitu ambacho fedha za mradi zimenunua. Kaya kutumia maji safi ni matokeo ya kati, badiliko linalotegemea pia watu wenyewe. Yote yakiitwa “matokeo” tu, shirika linaweza kujikuta likidaiwa badiliko la kaya kwa fedha zilizotengewa mafunzo.

Wafasiri wazoefu huanza na jedwali la mantiki, kwa kuwa ndilo lenye majina ya msingi. Huandaa orodha ya istilahi, kila istilahi na tafsiri moja, na kuikubali pamoja na mhasibu na afisa ufuatiliaji kabla ya kugusa maelezo. Namba za mistari na sarafu huachwa zilivyo. Mwishoni hutafuta kila istilahi kwa Ctrl+F katika nyaraka zote, kisha husoma kila kiashiria sambamba na mstari unaokilipia.

Mashirika yanayogawa kazi hii kwa wafasiri wawili, mmoja bajeti na mwingine jedwali la mantiki, yawape kwanza orodha hiyo moja.