Karatasi ya Kikao cha Nidhamu

Chukua mtunza ghala anayetuhumiwa kupoteza mifuko 12 ya saruji. Kwa kanuni za kazi za Tanzania za mwaka 2007, anapewa tuhuma mapema, angalau saa 48 kabla ya kikao, ajiandae na kutafuta mwenzake wa kumsaidia.

Muhtasari ukisema tu “mtuhumiwa alikana”, umemnyima haki. Uandikwe alichojibu: kwamba siku hiyo funguo alikuwa nazo msimamizi, na kwamba aliomba daftari la kutolea mizigo lifunguliwe. Je, lilifunguliwa? Shahidi gani alihojiwa, naye akajibu nini? Hapo ndipo kesi nyingi huvunjika, kwa sababu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi huitazama karatasi hiyo.

Mwenyekiti, ambaye hakuhusika na tukio, aandike kwanza kama kosa limethibitika na kwa ushahidi upi. Ndipo asikilize maombi ya kupunguziwa adhabu. Uamuzi utaje pia nafasi ya kukata rufaa kwa uongozi wa juu. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufikisha mgogoro Tume.

Usikubali kutia saini ukurasa wenye nafasi tupu.